Kopo la Mavi ya Risasi: Maswali Manne ya Kuuliza Takataka za Kiwanda

Baba mmoja jirani yetu alitujia jioni, mkononi ana kopo la maziwa lililofungwa kwa kitambaa. Ndani yake mlikuwa na mawe mawe meusi, mengine makubwa kama yai la kuku, mengine yamevunjika hata kuwa unga wa kijivu. Aliyaokota karibu na ua ambapo watu huvunja batri za zamani za magari na kuyeyusha risasi iliyomo. Wenye ua huo hawayauzi mawe hayo. Humpa bure kila mwenye gari la kuyachukua. Naye yule baba alikwisha kufukia mashimo ya uwanja wake kwa mikokoteni miwili. «Walimu,» akasema, «mke wangu ananiuliza kila siku kama hii ni sumu ama si sumu. Ninyi mmesoma. Tazameni, mniambie.»

Tulitazama, lakini hatukuweza kumwambia neno. Kwa maana jambo hili halijulikani kwa macho, wala kwa pua, wala kwa kuonja (Mungu atuepushe!). Jiwe lenye sumu na jiwe lisilo na sumu huweza kufanana kama mapacha. Hata hivyo iko njia ya kulijua, na njia hiyo si siri ya wataalamu wachache. Mwanafunzi wa darasa la juu aweza kuifahamu vema. Tumeona inafaa kuieleza hapa, tukilishika kopo lile toka mwanzo hata mwisho.

Njia yenyewe iliandikwa kwanza katika nchi ya Amerika. Mwaka 1976 wakuu wa huko walitunga sheria juu ya takataka, na mwaka 1980 wakatoa kanuni za kuitimiza. Kanuni hizo zamlazimisha mwenye kiwanda mwenyewe kuamua kama takataka zake ni za hatari ama sivyo. Hawezi kungoja serikali ije imwamulie. Nchi nyingine zina kanuni zao, na mapatano ya Bazeli ya mwaka 1989, ambayo mataifa mengi yameyakubali, yanataja tabia zinazofanana na hizo. Lakini kanuni za Amerika ndizo zilizotia namba mahali pengi, na mwenye kujifunza hupenda namba. Basi tutazifuata hizo.

Kabla ya kupima lo lote, mwenye kiwanda hutazama kwanza orodha. Ziko takataka ambazo sheria imekwisha kuzitaja moja moja kuwa ni za hatari, na hapo hapana haja ya kupima. Tuchukue kiwanda chetu cha batri. Moshi wa tanuru hupitishwa katika mifuko ya kitambaa ili mavumbi yanaswe; mavumbi hayo yamo katika orodha, kwa alama K069, nayo ni ya hatari hata kama mwenyewe atakana. Lakini yale mawe meusi yanayobaki baada ya risasi kumiminwa, ambayo wafua chuma wa zamani wangeyaita mavi, hayamo katika orodha. Hapo sasa yabidi kuyauliza maswali manne: Je, yanawaka? Je, yanakula chuma na ngozi? Je, yanageuka ghafla na kutoa moto au hewa ya kuua? Je, sumu yake hutoka na maji?

Likijibiwa «ndiyo» swali moja tu kati ya hayo manne, basi ni takataka za hatari. Si lazima yote manne.

Swali la kwanza, la kuwaka, halitatuchelewesha sana. Jiwe letu haliwaki. Lakini katika kiwanda hicho hicho iko karakana ya kutengeneza mashini, na mafundi huosha vyuma kwa mafuta ya taa. Mafuta yakiisha kuchafuka humwagwa katika pipa. Pipa hilo nalo ni takataka, tena lina swali lake. Kinachopimwa si kama mafuta yanawaka ukitia kiberiti, kwa maana hata ubao huwaka. Hupimwa ni kwa joto gani mvuke wake waweza kushika moto. Hutiwa mafuta katika kikombe chenye kifuniko, kikombe hupashwa moto polepole, na kila mara kifuniko hufunuliwa kidogo na mwali mdogo husogezwa. Joto lile ambalo kwalo mvuke huwaka mara ya kwanza, «pwaa!» kisha kuzimika, ndilo linaloandikwa. Maji maji yo yote yanayowaka hivyo chini ya digri 60 huhesabiwa kuwa ya hatari. Mafuta ya taa yanayouzwa madukani huanza kuwaka hivyo karibu na digri 40 au zaidi kidogo. Esansi huwaka hata katika baridi kali kuliko barafu. Basi pipa la karakana ni la hatari, na yafaa likae mbali na tanuru. Ajabu ni kwamba katika viwanda vingi watu huogopa tanuru tu, wala hawalifikirii pipa.

Swali la pili ni la ukali. Hapa ndipo batri yenyewe inapojitokeza, maana maji yaliyomo ndani yake ni asidi ya kiberiti, ile iitwayo salfuriki. Wenye kuvunja batri kwa shoka huimwaga chini, na sote tumeona jinsi suruali inavyotoboka pale inapodondokea.

Ukali hupimwa kwa kipimo kiitwacho pH. Maji safi yana 7. Kila unaposhuka namba moja, ukali wa asidi huongezeka mara kumi; kila unapopanda namba moja, ukali wa upande wa pili, ule wa chokaa na magadi, huongezeka mara kumi vile vile. Maji ya ndimu hukaribia 2. Kanuni yasema hivi: maji ya takataka yakiwa na pH ya 2 au chini, au ya 12,5 au juu, ni ya hatari. Tena, maji yanayoweza kula chuma cha pua kwa zaidi ya milimita 6,35 katika mwaka, yakiwekwa katika joto la digri 55, nayo ni ya hatari hata kama hayafikii namba hizo. Maji ya batri yana pH chini ya 1. Hapo neno limekwisha.

Wako wanaofikiri wamepata ujanja. Husema: tutie maji mengi, ukali upungue, kisha tumwage. Hesabu yaonekana nyepesi kweli: lita moja ya maji yenye pH 1, ukiitia lita tisa za maji safi, hufika pH 2, ukizidi kidogo umeipita namba ya sheria. Lakini maji ya batri hayana asidi peke yake. Yamebeba unga wa risasi uliobanduka katika mabamba. Ukiyaongeza maji, asidi imelegea, lakini risasi ni ile ile, gramu kwa gramu, nayo yaenda mtoni pamoja na maji yako. Kwa hiyo sheria hukataza kuchanganya kwa kusudi la kupunguza namba tu.

Njia iliyo sawa ni kuituliza asidi kwa chokaa. Hapo asidi na chokaa hushikana na kuwa tope jeupe, na risasi nyingi hutua ndani ya tope hilo. Maji ya juu hupungua sumu sana. Lakini hapa pana mtego ambao mafundi wengi huingia. Risasi hutua vema pH ikiwa karibu na 9 au 10. Fundi mwenye haraka, asiye na kipimo, humwaga chokaa mifuko kwa mifuko ili «awe na hakika», na pH hupanda hata 12 na zaidi. Hapo risasi huanza tena kuyeyuka na kurudi katika maji. Mtu alitoroka simba wa asidi, akakutana na simba wa chokaa. Na dalili yake haionekani: maji ni meupe, hayana harufu, hayachomi mkono mara moja. Kipimo cha karatasi, ambacho bei yake si kubwa, kingemwonyesha.

Na lile tope? Ni takataka mpya. Laulizwa upya maswali yote manne, kana kwamba halikuuliwa lo lote kabla. Kanuni hii husahauliwa mara nyingi kuliko zote.

Tumrudie yule baba na kopo lake. Mawe yake ni makavu. Swali la pH huulizwa maji maji tu, au kitu chenye maji ndani yake. Jiwe kavu halihukumiwi kwalo. Basi mpaka hapa mawe yamepita maswali mawili, na mtu asiyejua angeshangilia.

Swali la tatu lataka uangalifu. Yako mambo yanayokaa kimya miaka mingi, kisha yakiguswa na maji, au asidi, au joto, hugeuka ghafla. Mengine hulipuka, mengine huwaka yakiguswa na maji, kama sodiamu ile ambayo mwalimu wa kemia huitunza ndani ya mafuta. Na mengine hutoa hewa ya kuua. Hizo za mwisho ndizo tunazoziogopa katika mawe ya risasi.

Sababu ni hii. Ndani ya batri mna kiberiti kingi, kilichoshikana na risasi. Ili kukitoa, wayeyushaji wengi hutia katika tanuru vipande vya chuma pamoja na magadi. Chuma na magadi hukinyang'anya risasi kiberiti chake, risasi hushuka safi, na kiberiti hubaki katika mavi, kimefungwa na chuma na sodiamu. Mawe ya namna hiyo hunyonya unyevu. Yakikaa mvuani hupasuka na kuwa unga, ndiyo maana kopo la yule baba lilikuwa na unga mwingi kuliko mawe. Sasa fikiri juu ya mfanyakazi aliyeambiwa amwage ndoo ya asidi ya batri, naye akaona chungu ya mawe, akaimwaga juu yake kwa kuwa ardhi hapo ni mbaya tayari. Asidi hukifungua kiberiti, na hewa yenye harufu ya mayai yaliyooza huinuka. Hewa hiyo ikiwa kidogo, pua hulalamika. Ikizidi, pua hufa ganzi na harufu hutoweka, na mtu hudhani hatari imepita, kumbe ndiyo imefika.

Jambo la namna hii, kwa kadiri kubwa, lilipata mji wa Abidjan, katika nchi ya Kodivaa, mwezi wa Agosti mwaka 2006. Meli iitwayo Probo Koala ilileta takataka zilizotokana na kuosha esansi mbaya kwa soda kali. Kiberiti kilichokuwa katika esansi kilihamia katika soda hiyo. Kabla ya hapo zilijaribiwa kushushwa Amsterdam, zikanuka hata watu wakalalamika, na bei ya kuzisafisha ikapandishwa kutoka euro 27 kwa kila meta ya ujazo hata karibu na 1000, zikarudishwa melini. Huko Abidjan malori yalizimwaga usiku mahali pengi pa mji, na maelfu kwa maelfu ya watu wakaenda hospitali. Soda kali hushika kiberiti kwa nguvu maadamu pH iko juu. Ikishuka, hukiachilia kiwe hewa. Aliyejua hilo angejibu swali la tatu bila shida, hata kabla meli haijafunga gati.

Katika swali hili kanuni haina namba. Yasema tu kwamba takataka zenye kiberiti cha namna hiyo au sianidi ni za hatari ikiwa, katika pH kati ya 2 na 12,5, zaweza kutoa hewa ya sumu ya kutosha kudhuru watu. Zamani wakuu wa Amerika walikuwa wametaja namba za kufuata, lakini mwaka 1998 waliziondoa, kwa kuwa kipimo chenyewe kilionekana hakitoi jibu la kuaminika. Tangu hapo mwenye kiwanda hutegemea ujuzi wake: ajue nini kiliingia tanuruni, na nini kilitoka. Sisi twaona hilo si jambo baya. Mtu anayejua kazi yake hapaswi kungoja chupa ya maabara imwambie kwamba kiberiti alichokitia tanuruni kimo katika mavi yake.

Sasa swali la nne, ambalo ndilo moyo wa habari yetu. Je, sumu yake hutoka?

Angalieni neno hilo, «hutoka». Haikuulizwa kama risasi imo. Tunajua imo. Huulizwa kama itayeyuka na kuondoka pamoja na maji, ikafika kisimani kwa watu. Waliotunga kipimo hiki walifikiri hivi: takataka za kiwanda zikitupwa katika shimo moja na takataka za mji, maganda ya ndizi na mabaki ya vyakula yataoza na kutoa asidi nyepesi, kama ile ya siki. Mvua itanyesha, itapita katika siki hiyo, itapita katika mawe ya kiwanda, na itashuka chini. Je, itashuka na nini? Basi maabara hutengeneza shimo hilo katika chupa.

Kwanza huchukuliwa mfano wa mawe, na hapa pana udanganyifu mwingi. Asiyetaka kuona ubaya huchota juu tu ya chungu, pale ambapo mvua imekwisha kuosha. Mwenye kutafuta kweli huchota mahali kumi, juu na chini, kando na katikati, makubwa na unga, akayachanganya pamoja. Kisha mawe huvunjwa hata yapite katika chekecheke lenye matundu ya milimita 9,5. Hupimwa gramu 100 na kutiwa katika chupa, pamoja na maji ya siki yenye uzito mara ishirini, yaani gramu 2000, kadiri ya lita mbili. Mawe yenye chokaa au magadi mengi hupewa siki kali zaidi, kwa maana yangeidhoofisha ile ya kwanza. Chupa hufungwa katika mashini inayoizungusha kichwa chini miguu juu, mara 30 kwa dakika, muda wa saa 18, usiku kucha na zaidi. Asubuhi maji huchujwa, na hupimwa yamebeba nini.

Kwa risasi, mpaka ni miligramu 5 katika lita. Ukifika hapo au kuzidi, takataka ni za hatari. Je, namba 5 ilitoka wapi? Wakati ule kanuni ya maji ya kunywa ilikuwa miligramu 0,05 za risasi katika lita. Watungaji walisema: kabla maji ya shimo hayajafika kisimani, yatachanganyika na maji mengine na kulegea mara mia. Mia mara 0,05 ni 5. Leo Shirika la Afya Duniani linataja 0,01 kwa maji ya kunywa, lakini ile 5 imebaki pale pale. Mwanafunzi mwenye akili ataona neno hapo.

Tufanye hesabu sasa, na tuseme kwamba mawe ya kopo letu yana risasi asilimia 2. Katika kilo moja mna gramu 20, yaani miligramu elfu 20. Maji ya kipimo ni mara ishirini ya uzito wa mawe. Basi hata kama risasi yote ingeyeyuka, isibaki hata chembe, kila lita ingebeba elfu 20 gawanya kwa 20, yaani miligramu 1000. Elfu moja ni mbali sana juu ya 5. Kwa hiyo hatuwezi kusema neno mpaka tupime. Tuseme kipimo kimetoa 38. Hapo mawe ni ya hatari, na mwenye ua hana ruhusa ya kumpa mtu bure.

Hesabu hiyo hiyo hufaa pia kwa kuokoa fedha. Udongo wenye miligramu 80 tu katika kilo, ukigawanya kwa 20, hauwezi kutoa zaidi ya 4. Hautafika 5 hata ungefanyiwa nini. Basi hakuna haja ya kulipa maabara kwa mashini na saa 18.

Lakini kipimo hiki nacho chaweza kudanganywa, na waliodanganya walikuwa watu wenye elimu. Viwanda fulani vya Amerika vilichanganya unga wa chuma katika takataka zao za risasi. Chuma kikiwa kipya, huinasa risasi ndani ya chupa muda wa zile saa 18, na jibu hutoka zuri. Shimoni, miaka ikipita, chuma hushika kutu, huchoka, na risasi huachiliwa. Wakuu walipotambua hilo, mwaka 1998 waliandika kwamba kutia chuma kwa namna hiyo si kutibu takataka, ni kuzichanganya tu kinyume cha sheria.

Tena orodha ya vitu vinavyotafutwa katika chupa ile ina vitu 40 tu: madini manane, na vingine vilivyobaki ni dawa za wadudu na maji maji ya viwandani. Risasi imo, na zebaki, na kadimiamu, na aseniki. Shaba haimo. Kobalti haimo. Sisi watu wa Kongo, ambao ardhi yetu ya kusini imejaa shaba na kobalti, tujue basi kwamba jibu la «si hatari» lililotolewa kwa orodha ya Amerika halisemi neno lo lote juu ya madini hayo mawili.

Na liko pengo kubwa kuliko hilo. Kipimo kimeuliza juu ya maji na kisima tu. Hakikuuliza juu ya mtoto anayecheza uwanjani.

Katika mtaa mmoja wa Thiaroye-sur-Mer, karibu na mji wa Dakar huko Senegali, watu walikuwa wakichekecha udongo wenye risasi ya batri ili waiuze, na mifuko ya udongo huo iliingizwa hata nyumbani. Kati ya Novemba 2007 na Machi 2008 walikufa watoto 18. Wachunguzi walipopima damu ya watu 81 wa mtaa huo, wote 81 walikutwa na risasi. Kwa watoto, damu yao kwa wastani ilikuwa na mikrogramu 129 na nusu katika kila sehemu ya kumi ya lita; leo Shirika la Afya Duniani lataka chanzo kianze kutafutwa damu inapofika 5. Haikuwa maji ya kisima yaliyowaua. Yalikuwa mavumbi: mavumbi ya mkeka, mavumbi ya vidole vinavyoingia kinywani. Huko Mombasa nako, katika kijiji cha Owino Uhuru, wakazi walidhuriwa na risasi ya kiwanda cha kuyeyusha batri kilichokuwa jirani yao. Mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe fidia, na shauri likaendelea kupanda katika mahakama za juu miaka mingine.

Basi udongo waweza kuwa na miligramu elfu 2 za risasi katika kilo, ukazungushwa katika chupa saa 18, ukatoa 3 tu, na kuandikwa «si hatari». Mwandishi hakusema uongo. Ameulizwa juu ya kisima, naye amejibu juu ya kisima. Lakini wakuu wale wale wa Amerika, kwa ua ambamo watoto huchezea, walitaja tangu 1994 namba ya miligramu 400 katika kilo kuwa ya kuchunguzwa, na mwaka 2024 wakaishusha hata 200. Ni kanuni nyingine, na karatasi nyingine, na mara nyingi ofisi nyingine. Mwenye kiwanda atakuonyesha ile ya kwanza.

Hayo yote tulimweleza yule baba, si kwa jioni moja. Tulimwambia asifagie uwanja ukiwa mkavu, bali aulowanishe kwanza. Mawe ayafunike kwa udongo mwekundu kutoka mbali, unene wa mkono, mpaka yatakapoondolewa. Asimwage juu yake maji ya batri wala asidi yo yote. Watoto wanawe mikono kabla ya kula, na damu yao ipimwe hospitalini ikiwezekana. Alituuliza kama hayo ni lazima hata kabla jibu la maabara halijaja. Tukamjibu kwamba jibu la maabara litamhusu mwenye ua wa batri, ajue apeleke wapi chungu yake. Mkeka wa watoto wake hauhitaji kungoja.

Mke wake, kumbe, alikwisha kuwahamishia watoto kwa bibi yao tangu wiki ile ya kwanza.

Kopo tulilibakiza sisi. Tulilifunga kwa kifuniko cha bati badala ya kitambaa, tukabandika karatasi juu yake, tukaandika: mavi ya risasi ya batri, yametoka mahali fulani, siku fulani, chini ya chungu, si juu, yasitiwe asidi. Liko juu ya kabati la darasa la kemia, mahali ambapo mkono wa mtoto haufiki.